Shangazi, nimdaije mteja nisimpoteze?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole, Mbeya. Ni mzabuni mdogo wa chakula: mchele nachukua kwa wakulima wa Ubaruku, maharage Mbozi, viazi Umalila, halafu napeleka kwenye shule na hoteli chache. Tarehe 3 Machi nilipeleka mzigo kwenye shule moja ya binafsi ya bweni: mchele kilo 600, maharage kilo 400 na viazi magunia 12. Ankara ilikuwa shilingi 3,400,000, na oda yao inasema malipo ni ndani ya siku 30. Magunia mawili ya viazi yalikutwa yameanza kuoza, wakayakataa, na wiki iliyofuata nikapeleka mengine mawili.

Tarehe 2 Aprili ilipita kimya. Mhasibu ni kaka ninayeimba naye kwaya, kwa hiyo nilianza kwa kumsalimia WhatsApp nikitumaini atakumbuka mwenyewe. Baadaye nikamwambia, "mambo yamebana kaka." Katikati ya Aprili akanitumia 500,000 kutoka kwenye simu yake, bila maelezo. Tangu hapo ni "wiki ijayo", au "mkurugenzi amesafiri", au simu haipokelewi. Leo ni tarehe 20 Mei, bado nadai 2,900,000, na wakulima wa Ubaruku nao wananipigia.

Mume wangu anasema nikakae getini mpaka nilipwe. Rafiki yangu yumo kwenye kundi la wazazi wa shule hiyo, anasema tuiweke ankara humo waone. Mimi naogopa, maana ndio mteja wangu mkubwa. Wiki jana mtunza stoo amenipa oda ya Julai ya kama 3,600,000, akasema "tutakulipa yote pamoja." Nikidai kwa nguvu nampoteza mteja, nikinyamaza nafilisika. Nifanyeje?

Mama wa Uyole

*

Marahaba mwanangu, na pole. Najua uzito wa kupokea simu ya mkulima aliyekuamini na gunia zake.

Unaniambia njia ni mbili, kudai kwa nguvu au kunyamaza. Naomba tuitazame hiyo kwanza, kwa sababu nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na sijaona mahali ambapo shule imeombwa kulipa ankara yake. Kaka wa kwaya amesalimiwa. Ameambiwa mambo yamebana. Hayo ni maneno ya ndugu kwa ndugu, na amekujibu kindugu, kwa kukutumia alichokuwa nacho kwenye simu. Lakini mhasibu hawezi kuchukua salamu ya WhatsApp akaipeleka kwa mkurugenzi ili isainiwe. Anahitaji namba ya ankara, kiasi, tarehe iliyopita na karatasi nyuma yake. Inawezekana kabisa kwamba hujawahi kumpa kitu cha kufanyia kazi, na kwamba unachokiona kama kukataliwa ni faili ambalo halijasogea.

Na hapo nina swali kuhusu yale magunia mawili. Umeyataja kwa kupita tu, lakini mimi nimesimama hapo. Katika ofisi nyingi mhasibu halipi mpaka karatasi tatu zisome kitu kimoja: oda waliyokupa, hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa stoo, na ankara yako. Ankara yako inasema magunia 12. Je, hati ya tarehe 3 Machi inasema mangapi? Kama mtunza stoo aliandika 10, na yale mawili ya wiki iliyofuata yalishushwa bila karatasi, basi kwenye faili kuna ankara ya 12 na mapokezi ya 10. Mhasibu mwangalifu ataiweka pembeni akisubiri maelezo, na mhasibu mwenye haya hatakuambia, hasa kama Jumapili mnasimama sauti moja. Mtu asiyekuwa na fedha anakwepa simu, na mtu mwenye karatasi zisizolingana naye anakwepa simu. Kwa nje huwezi kuwatofautisha.

Kwa hiyo kabla ya ukumbusho wowote, mtafute mtunza stoo. Kama hati ya magunia mawili ya pili haipo, mwombe asaini sasa hati inayosema alipokea magunia mawili ya kufidia yaliyokataliwa, na siku aliyoyapokea. Akikataa au asikumbuke, mjadala huo uwe wa magunia mawili peke yake. Kama ulimuuzia gunia kwa 80,000, kinachobishaniwa ni 160,000. Waambie wazi kwamba hilo mnaweza kulizungumza taratibu, na kwamba zile 2,740,000 zilizobaki hazina ubishi. Wadaiwa wengi, hata wasio na nia mbaya, huacha kasoro ndogo izuie deni lote mpaka mdai mwenyewe aitenge.

Jambo la pili la kuliweka sawa ni ile 500,000. Ilikuwa fedha ya nani? Kama shule ilimpa akutumie, hayo ni malipo ya sehemu ya deni, na yana uzito: ni alama kwamba deni wanalitambua, na kisheria malipo ya sehemu huanzisha upya hesabu ya ule muda wa miaka 6 wa kudai deni la mkataba. Lakini kama kaka yako alitoa mfukoni kwa huruma, vitabu vya shule bado vinasoma 3,400,000, na wewe una deni la 500,000 kwake. Muulize kwa upole, kwa maandishi: "Kaka, ile 500,000 niiandikie risiti ya shule kwa ankara hii?" Jibu lake, lolote litakalokuwa, ndilo litakaloamua kiasi utakachokiandika kwenye kila barua itakayofuata.

Sasa ukumbusho wenyewe. Watu hudhani kudai kwa hatua ni kuanza na tabasamu na kumaliza na ngumi. Mimi nimeona unaofanikiwa ni ule ambao lugha yake haibadiliki sana, ni ya adabu mwanzo hadi mwisho. Kinachobadilika ni mambo mengine: unamwandikia nani, kwa njia gani, unaomba nini, na nini kitafuata asipojibu. Kila hatua unabadilisha kimojawapo au viwili, basi.

Kwa kawaida hatua ya kwanza ingekuja siku mbili tatu baada ya tarehe ya malipo kupita, ya pili baada ya kama wiki mbili, ya tatu deni likifikisha mwezi. Wewe umeshapita wiki ya sita. Unaweza kushawishika kuruka moja kwa moja kwenye barua kali, na si kosa, lakini fikiria itakavyopokelewa: ofisi ambayo haijawahi kupata ukumbusho hata mmoja wa maandishi itapata kisingizio cha kukasirika badala ya kulipa. Njia nyingine ni kupita hatua zote, ila kwa mwendo wa haraka, wiki moja kwa kila hatua.

Hatua ya kwanza ni ujumbe mfupi kwa mhasibu, saa za kazi, kwa barua pepe ya ofisi na nakala kwenye WhatsApp. Mfano:

"Habari za kazi. Nakumbusha kuhusu ankara yangu ya tarehe 3 Machi, shilingi 3,400,000, iliyopaswa kulipwa tarehe 2 Aprili. Nimepokea 500,000, salio ni 2,900,000. Nimeambatisha ankara, oda na hati zote mbili za kupokelea mzigo. Je, kuna karatasi inayokosekana ili malipo yaendelee? Asante."

Weka na namba ya ankara. Kama shule inataka risiti ya EFD kwenye viambatisho, ulizia sasa, isije ikawa sababu mpya wiki ijayo. Na uone jinsi ujumbe unavyomalizia kwa swali. "Naomba unisaidie" inajibiwa "usijali". Swali kuhusu karatasi linamtaka ajibu kitu, na linampa mlango wa heshima kama tatizo lilikuwa yale magunia. Usiitaje kwaya, usitaje watoto wala wakulima. Si kwamba hawana maana. Ukiwataja unalirudisha deni kuwa ombi la msaada, na msaada hutolewa mtu akijisikia.

Wiki ikipita bila jibu, piga simu. Usiulize "lini mtanilipa", hilo jibu lake unalijua. Uliza: "Ankara yangu imefika hatua gani? Iko kwako, inasubiri saini, au imesainiwa inasubiri fedha?" Majibu yatakupeleka sehemu tofauti. Kama iko kwake, kuna karatasi, mtaimaliza nyinyi wawili. Kama inasubiri saini, muulize msainiji ni nani na anarudi lini, maana huyo ndiye utakayemwandikia baadaye, na pengine kaka yako atashukuru mzigo huo kutoka mabegani mwake. Kama fedha hazipo, uliza ada ya awamu inayofuata inaingia lini. Shule ya bweni huwa na miezi yake ya ukame, na mwishoni mwa muhula mara nyingi ndiyo hiyo. Kukubali kwamba fedha hazipo ni habari mbaya, lakini ni bora kuliko "wiki ijayo", kwa kuwa sasa mnaweza kupanga.

Ukishakata simu, andika mliyoyasema siku hiyohiyo: "Asante kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kwamba ankara imesainiwa, na kwamba 1,000,000 italipwa kabla ya tarehe 12 Juni. Kama nimekosea, naomba unisahihishe." Mtu mwenye nia ya kulipa kwa kawaida hutaja kiasi na tarehe, hata kiwe kidogo. Anayekupoza hutaja wiki bila kutaja kiasi, na tarehe ikipita ni wewe unayempigia, si yeye. Sikiliza hilo kuliko sauti yake.

Hatua ya tatu unabadilisha mtu na njia. Hii ni barua iliyochapwa, kwa meneja au mkurugenzi wa shule, nakala kwa mhasibu. Ipeleke mwenyewe mapokezi, na nakala yako igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Najua hapa ndipo utakapoogopa kwamba unamchongea kaka yako. Unaweza kumwambia kabla: "Kaka, naandika kwa mkurugenzi ili isiwe mzigo wako peke yako." Barua iseme deni, tarehe zilizoahidiwa zikapita, na iombe mpango wa malipo, huku wewe ukipendekeza wa kwako: tuseme 1,000,000 kufikia tarehe 12 Juni, 1,000,000 nyingine tarehe 10 Julai ada zikianza kuingia, na 900,000 tarehe 24 Julai. Omba mpango huo usainiwe na mwenye mamlaka, kwa sababu karatasi hiyo inakiri deni lote kwa mkono wa shule yenyewe. Usiongeze riba ambayo oda haikuitaja. Utahamisha mazungumzo kutoka kwenye deni lao hadi kwenye hesabu yako.

Ziko hatari pia. Mkurugenzi anaweza kukubali mpango ili kupata nafasi ya kupumua, kisha akavunja awamu ya kwanza. Ndiyo maana barua iseme pia kwamba awamu ikikosekana, salio lote linakuwa la kudaiwa mara moja. Ukiisahau sentensi hiyo, anaweza kukuambia kila awamu isubiri tarehe yake.

Ya nne ni notisi: unatoa siku 14, na kueleza kwamba baada ya hapo utafungua madai. Deni la ukubwa huu liko ndani ya uwezo wa Mahakama ya Mwanzo, na karatasi tulizozitaja, yaani oda, hati mbili za mapokezi, ankara, ujumbe wako na ile nakala yenye muhuri, ndizo utakazobeba. Lakini nakusihi usiandike notisi kama moyoni hujakubali kwenda. Notisi isiyofuatwa na kitu inamfundisha mdaiwa kwamba siku zako hazina mwisho, na ukumbusho wako unaofuata hautasomwa. Unaweza kuamua kuishia hatua ya tatu na kusubiri Julai. Huo nao ni uamuzi, mradi uwe umeufanya ukijua gharama yake kwa wakulima wa Ubaruku, na pengine ukiwapa na wao tarehe na kiasi badala ya "wiki ijayo".

Mume wako nafahamu anaumia kwa niaba yako. Kukaa getini kunaweza kumletea mtu laki mbili za kumwondoa, na mara nyingi kunafunga mlango kwa salio. Kuhusu kundi la wazazi, hapo naogopa zaidi. Mzazi akisoma ankara hiyo hatauliza lini utalipwa, atauliza kama mwanawe anakula. Shule itaacha kujadili deni ianze kujitetea, na unaweza kujikuta wewe ndiye unayejibu madai ya kuchafua jina la mtu. Ankara ni siri kati yako na mteja wako. Mwambie rafiki yako asante, na aiache.

Limebaki la oda ya Julai, ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Unaiita shule hiyo mteja wako mkubwa. Nikuulize, mkubwa kwa kuagiza au kwa kulipa? Chukua daftari ufanye hesabu hii kwa namba zako halisi. Tuseme faida yako baada ya usafiri na vibarua ni shilingi 10 katika kila 100. Mzigo wa Machi ulikuwa na faida ya 340,000. Ili kufidia 2,900,000 ikipotea, unahitaji kuuza bidhaa za 29,000,000, ambazo ni zaidi ya mizigo minane kama ule, yote ikilipwa. Ukipeleka oda ya Julai kwa mkopo, kilicho mikononi mwao kinafika 6,500,000. Mtunza stoo aliyekuambia "tutakulipa yote pamoja" husaini mapokezi, hasaini malipo, kwa hiyo ahadi hiyo si yake kuitoa.

Hiyo haina maana kwamba ukatae. Unaweza kusema utapeleka wakilipa salio kwanza. Wanaweza kwenda kwa mzabuni mwingine, na hilo linauma, ila utakuwa umejua jambo kuhusu nia yao kabla ya kutoa mchele mwingine. Unaweza kupeleka kwa malipo kabla ya kushusha, deni la zamani likiendelea na mpango wake: biashara haikatiki na deni haliongezeki. Au upeleke kidogo kidogo, mzigo wa wiki moja, unaofuata ukishalipwa uliotangulia. Hiyo inakula nauli, na kwa safari za Umalila inaweza kumeza faida ya viazi, kwa hiyo pengine ifae kwa mchele na maharage tu. Na kuna kupeleka yote kwa mkopo kama walivyoomba, ukiamini ada za Julai. Wewe unawajua kuliko mimi: wanafunzi wanaongezeka au wanapungua? Walimu wanalipwa kwa wakati? Wazabuni wengine wa kuni na nyama wanasemaje ukikutana nao Mwanjelwa? Majibu ya hayo yatakuonyesha kama shule inapita kipindi kigumu au inazama.

Sitakuchagulia, mwanangu. Ninachokuomba ni mpangilio wa siku. Shule zinakaribia kufunga, na wakifunga mkurugenzi hapatikani na mapokezi hakuna wa kugonga muhuri. Ukianza na mtunza stoo kesho, ujumbe wa kwanza unaweza kutoka wiki hii, simu wiki ijayo, na barua, ukiamua kuiandika, ikafika mezani kabla hawajaondoka. Oda ya Julai ijibu baada ya hapo, na umjibu mkurugenzi kwa maandishi, si mtunza stoo kwa mdomo.